Volti Zilizopotea Njiani: Taa za Shangazi Pale Pasua

Mteja wa usiku hanunui perege wa kukaanga kwa harufu peke yake. Anainama mezani, anatazama mgongo kama umekauka vizuri na tumbo kama limeiva, halafu ndiyo anauliza bei. Taa ikiwa hafifu, hata samaki aliyetoka kwenye mafuta sasa hivi anaonekana amelala. Shangazi yangu anauza perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu kando ya barabara pale Pasua, Moshi, kuanzia magharibi hadi karibu saa tano usiku, na tangu masika yaanze taa zake zilikuwa zinamwangusha. Naandika habari hii kwa kirefu kwa sababu kasoro iliyompata inawapata wauzaji wengi wa jioni, na wengi wao huishia kununua betri wasiyoihitaji. Aliyeigundua ni binti wa jirani, na njia aliyoitumia naona inastahili kujulikana na kila mwenye meza na taa barabarani.

Kwanza niwaeleze vifaa vyenyewe. Shangazi ana betri moja ya gari, ile ya N50, yaani ya ampea-saa 50. Jioni inakaa chini ya meza ndani ya ndoo iliyokatwa, upande wa mbali na jiko la mkaa. Mchana inarudi nyumbani kuchajiwa na paneli ya wati 50 iliyo juu ya bati. Kutoka kwenye betri unatoka waya wa njia mbili, mwekundu na mweusi, wenye unene wa milimita 1.5 za mraba. Una urefu wa kama mita nne: unapita chini ya meza, unapanda kwenye nguzo, unafika juu kwenye turubai. Huko kuna taa za utepe, roli moja ya mita 5, zimezungushwa kwenye fremu. Kwenye boksi lake imeandikwa volti 12, wati 24. Ukigawa 24 kwa 12 unapata ampea 2, na huo ndio mkondo ambao taa hizo zinatakiwa kuvuta zikiwaka sawasawa. Kwenye waya mwekundu, karibu kabisa na betri, kuna fyuzi ya ampea 10.

Mwanzoni taa zilikuwa zinacheza tu. Upepo ukitikisa turubai zinapepesa, mtu akiegemea meza zinarudi. Shangazi alikuwa na kofi lake maalumu la kuipiga nguzo, na wateja waliozoea walianza kumpigia wao. Masika ilipokolea, kofi likaacha kufanya kazi. Taa zikawa zinawaka hafifu usiku kucha, mwanga wa kutosha kuona kwamba kuna mtu nyuma ya meza lakini si wa kutosha kuona noti. Nilikuwa naenda kumsaidia jioni, nikimkuta amebana simu kati ya kidevu na bega, tochi ikimulika chini, mkono mmoja una chenji na mwingine una kijiko cha kugeuzia samaki juu ya karai la mafuta yanayochemka. Jambo hilo lilinitia hofu kuliko hasara ya biashara.

Alimwita fundi wa betri. Fundi akaja mchana, nyumbani, akachomoa waya zote kwenye betri, akaweka mita juu ya vichwa vyake viwili. Ikasoma 12.4. Akatoa taa ndogo ya kujaribia, akaiunga pale pale kwenye betri, ikawaka. Halafu akasema betri ina volti lakini haina nguvu, seli zimechoka, anunue mpya. Bei aliyotajiwa ilikuwa laki moja na sabini.

Sitaki kumsema vibaya fundi yule, maana alichokisema kinatokea kweli. Betri ya risasi na asidi iliyochakaa inaweza kabisa kuonyesha volti 12.4 ikiwa imepumzika, kisha ikaporomoka mara tu ukiiwekea mzigo. Namba 12.4 peke yake, betri ikiwa haifanyi kazi yoyote, inamaanisha imebaki na kama robo tatu ya chaji, na haisemi lolote kuhusu uwezo wake wa kubeba mzigo. Kwa hiyo kuishuku betri hakukuwa kosa. Kilichokosekana ni kipimo kimoja cha kutenganisha betri iliyochoka na njia iliyoziba, na kipimo hicho hakifanyiki mchana nyumbani waya zikiwa zimechomolewa. Kinafanyika usiku, mezani, taa zikiwa zimewashwa na zinasumbua.

Binti wa jirani alipita jioni moja kununua samaki wa nyumbani kwao. Amemaliza kidato cha nne mwaka jana, na sasa yuko na kaka yake kwenye kibanda cha kutengeneza simu, meza chache kutoka kwa shangazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, ila leo itabidi umchague samaki kwa kumpapasa."

"Mama, si ulisema taa zinatengenezwa?"

"Nimeambiwa betri imekufa. Nakusanya hela ya nyingine."

"Ilipimwa?"

"Ilipimwa, tena mbele yangu. Kumi na mbili na kitu."

"Taa zikiwa zimewaka au zimezimwa?"

Shangazi akanitazama mimi. Nikamwambia ilipimwa imechomolewa kila kitu. Binti akaweka sahani yake juu ya benchi, akaenda kibandani, akarudi na mita ya kaka yake, ile ya njano ambayo kila fundi simu anayo.

Alianza pale alipoanzia fundi, kwenye betri, ila kwa tofauti mbili. Taa ziliachwa zinawaka, na zile ncha za mita hakuzigusisha kwenye vibano vya waya bali kwenye risasi yenyewe ya kichwa cha betri. Mita ikasoma 12.3. Akakaa kidogo akiitazama, haikushuka. Kisha akapanda kwenye benchi akapima pale waya unapoungana na utepe wa taa, juu ya turubai. 9.6.

"Mama," akasema akiwa bado juu, "betri inatoa kumi na mbili na nukta tatu, huku juu inafika tisa na nukta sita. Volti mbili na nukta saba zinapotelea njiani."

Hapo ndipo habari nzima ilipogeukia. Kama betri ingekuwa ndiyo mgonjwa, namba ingeporomoka pale pale kwenye vichwa vyake, na ya juu ingefuatana nayo kwa karibu. Lakini betri ilikuwa imesimama imara na upungufu ulikuwa kati yake na taa.

Nielezee kidogo kwa nini utepe ule uliteseka hivyo kwa kupungukiwa volti chini ya tatu. Ndani yake punje za taa zimepangwa tatu tatu, mfuatano mmoja, na kila kundi lina kizuizi chake kidogo. Kila punje nyeupe inahitaji karibu volti 3 ili iwake, kwa hiyo kundi la tatu linameza karibu 9 kabla halijatoa mwanga wa maana. Zile tatu zinazobaki kati ya 9 na 12 ndizo zinazosukuma mkondo. Ukifikisha 9.6 juu, umebakiwa na kipande kidogo sana cha msukumo. Ndiyo maana taa hizi hazipungui taratibu kulingana na volti. Zikikaribia 9 zinakufa ghafla, wakati betri inayozilisha ni nzima kabisa.

Akataka pia kujua mkondo wenyewe. Akazima taa, akachomoa fyuzi kwenye kishikio chake, akahamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu lililoandikwa 10A, akaweka ncha mbili za mita mahali pa fyuzi, nikawasha. Ikasoma 0.7. Taa zilizotakiwa kuvuta ampea 2 zilikuwa zinavuta theluthi moja tu. Kisha, kabla hajagusa kitu kingine, akarudisha waya wa mita kwenye tundu la volti. Nilimuuliza kwa nini ana haraka hivyo. Akasema ukisahau waya kwenye tundu la ampea halafu ukapima volti juu ya betri, mita inakuwa sawa na kipande cha waya kinachounganisha vichwa viwili, yaani shoti, na kaka yake alishaunguza mita moja namna hiyo.

Sasa ilibaki kutafuta volti 2.7 zimeanguka wapi. Kilichonifurahisha ni kwamba hakuanza kubomoa chochote. Mtu mwingine angebandua tepu zote na kukaza kila skrubu, na pengine taa zingewaka bila yeyote kujua kilichozitibu. Yeye aligawa njia vipande. Umeme unakwenda kwa waya mwekundu na kurudi kwa mweusi, basi akapima kila mmoja peke yake. Ncha moja kwenye kichwa chanya cha betri, nyingine kwenye mwisho wa waya mwekundu kule juu. Kwa kuwa waya za mita hazifiki mbali hivyo, alirefusha mmoja kwa kipande cha waya wa kibandani. Mita ikasoma 0.1. Akafanya hivyo hivyo kwa mweusi, kutoka kichwa hasi hadi mwisho wa waya juu. 2.6.

0.1 na 2.6 ni 2.7. Hesabu imefunga, hakuna volti iliyobaki bila maelezo. Waya mwekundu, pamoja na fyuzi yake ambayo wote tulikuwa tunaishuku, hauna hatia. Kasoro yote iko upande wa mweusi, upande ambao watu hawauangalii kabisa, kana kwamba umeme ukishafika kwenye taa kazi imekwisha. Umeme lazima urudi, na njia ya kurudi ikiziba ni sawasawa na ya kwendea kuziba.

Mshukiwa wa kwanza kwenye waya mweusi alionekana kwa macho. Kibano cha betri upande wa hasi kilikuwa kimeota unga mweupe wenye kijani kwa mbali, ule unaotokana na mvuke wa asidi. Shangazi akasema, "Si hicho hapo!" Binti akapima kati ya risasi ya kichwa na chuma cha kibano. 0.03. Unga ulikuwa nje tu, ndani kibano kilikuwa kimeshika. Baadaye tuliusafisha kwa magadi yaliyoyeyushwa kwenye maji ya vuguvugu, tukiwa waangalifu yasiingie kwenye matundu ya seli, tukapaka mafuta ya mgando juu. Lakini usiku ule alikiacha kama kilivyo, akasonga mbele.

Chini ya meza, karibu na mguu wa upande wa jiko, waya mweusi ulikuwa na uvimbe wa tepu nyeusi. Mwaka juzi meza ilisogezwa kutoka ukutani, waya haukufika, ukaungwa. Binti akaomba pini mbili. Akachoma moja kwenye ganda la waya upande mmoja wa uvimbe mpaka ikagusa shaba, na nyingine upande wa pili, akaweka ncha za mita juu ya pini hizo. 2.5.

Karibu volti zote zilizopotea zilikuwa ndani ya tepu yenye urefu wa kidole. Akanishika mkono akaniwekea vidole pale. Palikuwa na joto, lile la chungu kilichoepuliwa muda kidogo, wakati waya wenyewe pande zote mbili ulikuwa baridi. Kisha akaubana ule uvimbe kwa vidole vyake viwili, akaukaza, na taa zote za turubai zikalipuka kuwaka. Mwanamume mmoja aliyekuwa anakula kwenye benchi akasema "Eeh!" Alipoachia, zikafifia.

Joto lile nalo lina hesabu yake. Volti 2.5 zikianguka mahali pamoja huku mkondo wa ampea 0.7 ukipita, unazidisha unapata kama wati 1.75, na wati hizo zote zinageuka joto kwenye kipande kidogo cha shaba kilichofunikwa na tepu. Kwa kugawa volti kwa ampea unapata ukinzani wa muungano ule: kama omu 3.6. Waya mzima wa mita nne, kwenda na kurudi, hauna zaidi ya omu 0.1.

Turudi kwa fundi wa betri na ile taa yake ndogo. Kwa nini kila kitu kilionekana kizima mchana? Chukua mpira wa kumwagilia bustani uliokanyagwa katikati. Ukifunga mdomo wa mpira, msukumo wa maji unaufikia mwisho wote sawasawa, maana maji hayatembei na pale palipokanyagwa hapana cha kuzuia. Ukifungua tu, maji yanachuruzika. Volti zinazopotea kwenye muungano mbovu ni ukinzani wake mara mkondo unaopita. Taa zikizimwa mkondo ni sifuri, na sifuri mara omu 3.6 ni sifuri, kwa hiyo mita itasoma 12.4 kila mahali, hata juu kabisa ya turubai. Fundi hakufika hata huko, kwa sababu aliiunga taa yake kwenye betri moja kwa moja, nje ya njia yenye kasoro. Lakini hata angeiunga kule juu, taa ya wati 3 inavuta robo ya ampea tu, ingepoteza chini ya volti moja na kuwaka bila shida. Ndiyo ile hali ambayo wauzaji wengi wanaijua bila kujua sababu yake: taa moja inawaka safi, ukiwasha zote zinafifia.

Akachomoa betri kwanza, upande wa hasi ukitangulia, akamwomba shangazi avue pete kabla hajashika ndoo. Betri ya volti 12 haikupigi shoti mwilini, lakini pete au spana ikigusa vichwa vyote viwili inapitisha mkondo mkubwa wa kuchoma nyama. Tukafanya kazi kwa tochi ya simu.

Tepu ilipobanduliwa ilikuwa na ute ndani, mafuta ya samaki na maji ya chumvi pamoja. Waya mbili hazikuwa zimesokotwa. Kila mmoja ulikunjwa kama ndoano na zikashikana. Shaba ilikuwa nyeusi, na pembeni kijani. Nyuzi nyingi zilikuwa zimekatika zenyewe kwa kukunjwakunjwa, maana mguu ule wa meza unakunjwa kila usiku na kufunguliwa kila jioni. Zilizobaki nzima zilikuwa chache, nazo zilikuwa zinagusana kwa bahati, kutegemea upepo na nani ameegemea wapi.

Hapo mimi ningekwangua na kuzisokota upya. Binti akakataa. Akavua ganda kidogo kidogo kurudi nyuma, akanionyesha kwamba weusi unaendelea ndani ya ganda, unyevu wa chumvi ulikuwa umetambaa katikati ya nyuzi. Shaba ya namna hiyo haishiki vizuri hata ukiisokota vipi, na lehemu haikai juu yake. Akakata mpaka alipokutana na shaba yenye rangi yake ya kweli, kama upana wa kiganja upande mmoja, kidogo zaidi upande wa pili. Pengo akalijaza kwa kipande kipya cha waya wa unene ule ule. Kwa usiku ule alitumia konekta za skrubu, akikunja ncha za nyuzi mara mbili ili skrubu iwe na kitu cha kukandamiza, kisha akavuta kila waya kwa nguvu kuona kama unachomoka.

Akarudisha betri, nikawasha.

Alipima tena kila kitu, na hii ndiyo sehemu ambayo watu huiruka kwa sababu taa zimeshawaka. Kwenye betri 12.2. Juu kwenye utepe 11.9. Mkondo ampea 2. Muungano mpya, alipopima kutoka skrubu hadi skrubu, ulionyesha 0.01. Zile 0.3 zilizokuwa bado zinapotea ni waya wenyewe, fyuzi na vibano, na hizo huwezi kuziondoa zote. Na hapo ndipo betri ilipofanya mtihani wake wa kweli, maana mwanzoni ilikuwa inabeba 0.7 tu. Aliipima tena tulipokuwa tunafunga, baada ya masaa zaidi ya matatu ya ampea 2, na ilikuwa bado 12.1. Betri iliyochoka seli ingekuwa imeshuka chini ya 11.

"Kwa hiyo ile laki na sabini?" shangazi akauliza.

"Nunua unga na mafuta mama. Hii betri ina miaka yake bado."

Alimfungia perege wawili wakubwa, na hakupokea hela yao.

Siku iliyofuata kaka yake alikuja na chuma cha lehemu, na ule muungano wa konekta ukabadilishwa. Alifanya jambo moja ambalo nashauri kila anayeunga waya wa njia mbili alifuate: hakukata waya mwekundu na mweusi sehemu moja. Muungano wa mweusi uko mahali pake, na mwekundu alipoufupisha ili ulingane, aliuunga mbele zaidi, ili tepu ikija kuchakaa viungo viwili visikutane. Alisokota nyuzi zikiwa zimelala sambamba, akalehemu, akaanza kufunga tepu juu ya ganda zima, si juu ya shaba, akavuka hadi ganda la upande wa pili. Halafu akaufunga waya kwenye ubao wa meza kwa kamba, pande zote mbili za muungano. Alieleza kwamba lehemu inaufanya waya uwe mgumu, na pale ugumu unapoishia ndipo unapokatika ukikunjwa. Muungano ukahamishwa kutoka kwenye mguu unaokunjwa hadi chini ya ubao usiosogea, mbali na maji ya samaki.

Njia hii ina mipaka yake. Kama ungepima kipande kwa kipande ukakuta volti zinapotea sawasawa njia nzima bila mahali panapozidi, hakuna muungano uliolegea, ni waya mwembamba au waya usio wa shaba. Zipo waya sokoni zenye rangi ya shaba nje na alumini ndani. Zikwangue kwa wembe, zikionyesha weupe ujue umenunua ukinzani zaidi kuliko unene wake unavyoahidi. Kwa taa za mita nne utavumilia, kwa za mita ishirini hapana.

Na haya yote ni ya volti 12. Umeme wa nyumbani wa volti 230 nao unaugua ugonjwa huu huu, na mbaya zaidi, kwa sababu jagi la maji ya moto linavuta karibu ampea 8 na muungano wa omu moja tu hapo unatoa joto la wati zaidi ya 60 ndani ya soketi ya plastiki. Soketi iliyopata weusi au inayonuka ukichomeka kitu ndiyo hiyo. Lakini kule hakuna kuchoma pini kwenye waya wala kubana kwa vidole. Zima swichi kuu, ita fundi umeme.

Baada ya matengenezo shangazi alilalamika kwamba betri sasa inaisha haraka kuliko wakati ule wa giza. Ni kweli. Zamani taa zilikuwa zinanyimwa umeme, na betri ilikuwa inarudi nyumbani karibu imejaa. Sasa ampea 2 kwa masaa matano ni ampea-saa 10, moja ya tano ya betri, na paneli ya wati 50 inazirudisha kwa siku moja ya jua la kawaida. Siku za mawingu ya Juni na Julai, Moshi ikifunikwa tangu asubuhi, hazitarudi zote, na tumekubaliana jioni za namna hiyo azime nusu ya utepe. Kuna swichi ndogo imewekwa kwa ajili hiyo.

Kilichobaki ni upande wa mwisho wa utepe, kule kwenye ndizi na pilipili, ambako mwanga ni mdogo kidogo kuliko mwanzoni. Binti alipima: mwanzo wa utepe 11.9, mwisho wake 11.1. Si kasoro, ni ile shaba nyembamba iliyo ndani ya utepe wenyewe, na dawa yake ni kupeleka waya wa pili hadi mwisho ili utepe ulishwe pande zote mbili. Inahitaji mita tano nyingine za waya, na wameshapanga kuufunga Jumapili.